Eneo halina mpaka, lakini gharama ndogo kabisa ipo. Inawezekanaje?

Binti Chikongola

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwenye programu mstari, nimekwama mahali pamoja tu.

Swali tulilopewa ni la kuchanganya chakula cha kuku wa mayai. Kuna pumba za mahindi, kilo moja Sh 600, na mashudu ya ufuta, kilo moja Sh 1,200. Pumba tunaambiwa zina protini asilimia 10, mashudu asilimia 40. Mchanganyiko usipungue kilo 100, na protini ndani yake isipungue kilo 16. Tutafute gharama ndogo kabisa. Nikiita pumba x na mashudu y, napata hivi:

```
punguza  600x + 1200y
x +  y >= 100
x + 4y >= 160
x >= 0, y >= 0
```

(Sharti la protini ni 0.1x + 0.4y >= 16, nimezidisha kwa 10.)

Nimechora grafu. Eneo linalokubalika liko juu ya ile mistari miwili na linaendelea kwenda kulia na kwenda juu bila kufungwa. Kona ni tatu: (160, 0), (80, 20) na (0, 100). Gharama zake ni 96,000, 72,000 na 120,000. Jibu la kitabuni ni 72,000.

Kuhesabu kona najua. Kinachonisumbua ni kwamba darasani tuliambiwa kona zinatosha pale eneo linapokuwa limefungwa pande zote. Hili halijafungwa. Kuna sehemu kubwa mno ya eneo ambayo sijaigusa, mimi nimepima nukta tatu tu. Nina uhakika gani kwamba huko mbali hakuna mahali pa chini ya 72,000?

Ufuta Nachingwea

Dada, mashudu kwa 1,200 umeyapata wapi? Ufuta wetu huku mwingi unaondoka kama mbegu baada ya mnada, wa kukamua ni kidogo. Halafu bei ya chini kabisa huwezi kuijua kwa hesabu, inategemea siku ya mnada na wanunuzi waliojitokeza. Msimu ukianza bei huwa hivi, ukienda mbele inabadilika. Sisi wakulima tunataka bei ya juu, si ya chini.

Binti Chikongola

Kaka, bei hapa zimeshatolewa na swali, siulizi zitakuwa ngapi. Nauliza gharama ya kununua mchanganyiko, bei zikishajulikana.

Kijana wa Takwimu

Rahisi hiyo. Unapunguza, na x na y haziwezi kuwa hasi. Gharama haiwezi kushuka chini ya sifuri, kwa hiyo lazima iwe na mwisho. Swali la kupunguza lina jibu siku zote, la kuongeza ndilo linaloweza kukosa. Ungeambiwa utafute gharama kubwa kabisa kwenye eneo hilohilo ungekosa jibu, maana unaweza kununua gunia baada ya gunia. Ukikariri hilo umemaliza.

Mwalimu Mstaafu Mikindani

Kijana, nusu ya maneno yako nayakubali. Kwa bei hizi mbili, 600 na 1,200, ni kweli gharama haiwezi kwenda chini ya sifuri. Lakini "kupunguza kuna jibu siku zote" si kweli, nitaonyesha baadaye. Tena binti hakuuliza kama gharama inafika chini ya sifuri. Kauliza kwa nini isishuke chini ya 72,000, na hoja ya sifuri haimjibu. Kati ya sifuri na 72,000 kuna nafasi kubwa.

Binti, nianze na jambo utakaloweza kulihakiki mwenyewe kwa kalamu. Chukua sharti la protini ulizidishe kwa 200, na sharti la uzito ulizidishe kwa 400, kisha yajumlishe:

```
200(x + 4y) >= 200 * 160 = 32000
400(x +  y) >= 400 * 100 = 40000
jumla:  600x + 1200y >= 72000
```

Angalia upande wa kushoto umetoka nini. Ni gharama yako yenyewe. Kwa hiyo nukta yoyote inayotimiza masharti mawili, iwe karibu au iwe mbali kiasi gani, inagharimu 72,000 au zaidi. Sikuhitaji kuzipima moja moja. Na kwa kuwa (80, 20) inagharimu 72,000 kamili, hakuna ya kuishinda.

Binti Chikongola

Shikamoo mwalimu. Nimejumlisha, imekubali. Ila hizo 200 na 400 zimetoka wapi? Nikipewa swali jingine nitazijuaje?

Mwalimu Mstaafu Mikindani

Marahaba mwanangu. Nilitafuta vizidishi viwili a na b, visivyo hasi, vitakavyonirudishia bei. Kwenye x nataka a + b = 600, kwenye y nataka 4a + b = 1200. Toa ya kwanza kutoka ya pili, 3a = 600, basi a ni 200 na b ni 400. Vingetoka hasi nisingeweza kuvitumia, kwa sababu ukizidisha sharti la "isipungue" kwa namba hasi linageuka.

Ila kuna njia ya pili ya kuona jambo hili, nayo inajibu moja kwa moja kile kinachokutisha, yaani lile eneo la mbali. Jiulize swali moja: nikiwa ndani ya eneo, naweza kutembea milele kuelekea upande gani bila kutoka?

Ili kujua, futa namba zote za upande wa kulia uweke sifuri. Masharti yanabaki hivi: x + y isipungue sifuri, x + 4y isipungue sifuri, x na y zisiwe hasi. Zinazopita hapo ni pande zote ambazo hazirudi nyuma, yaani robo nzima ya juu kulia ya grafu. Ukingo wa robo hiyo ni miale miwili. Mmoja ni (1, 0): ongeza kilo ya pumba, mashudu usiyaguse. Wa pili ni (0, 1): ongeza kilo ya mashudu, pumba usiziguse. Mwelekeo mwingine wowote ni mchanganyiko wa hiyo miwili.

Sasa nukta yoyote ya eneo lako, hata ile ya mbali, unaipata hivi: unachukua wastani fulani wa zile kona tatu, halafu unaongeza kiasi fulani cha mwale wa kwanza na kiasi fulani cha mwale wa pili. Hakuna nukta inayobaki nje ya maelezo hayo. Basi gharama yake ina sehemu mbili. Ya kwanza ni wastani wa 96,000, 72,000 na 120,000, na wastani hauwezi kuwa chini ya ndogo yao. Ya pili ni 600 kwa kila hatua ya mwale wa kwanza na 1,200 kwa kila hatua ya mwale wa pili, na zote zinaongeza. Kwa hiyo ukienda mbali unalipa zaidi kuliko kwenye kona ya (80, 20). Eneo halina mpaka upande ambao gharama inapanda, na wewe hutafuti huko.

Binti Chikongola

Aaah. Kwa hiyo nilipaswa kupima vitu vitano: kona tatu na miale miwili.

Mwalimu Mstaafu Mikindani

Ndivyo. Kona unaziuliza "gharama yako ngapi?" Mwale unauliza "ukinifuata, gharama inapanda, inasimama au inashuka?" Mwale hata mmoja ukishusha, hakuna jibu. Yote ikipandisha au ikisimama, jibu lipo na liko kwenye mojawapo ya kona.

Mama Kuku Masasi

Jamani mimi si mwanafunzi lakini uzi huu umenivuta maana nafuga. Mwenye mashine jirani yangu hunipa pumba bure, nafagia na kubeba mwenyewe. Nikiweka pumba sifuri kwenye hesabu yenu inakuwaje? Kijana wangu kaweka kwenye kompyuta ikaja pumba kilo 160, mashudu hakuna. Kuku wangu nikiwalisha pumba tupu mayai yatakatika.

Mwalimu Mstaafu Mikindani

Mama, umeleta hali ya kati, nimefurahi. Pumba zikiwa bure, mwale wa (1, 0) unagharimu sifuri kila hatua. Haupandishi wala haushushi. Kona ya (160, 0) inagharimu sifuri, na ukitoka hapo kwenda kulia, 170, 300, 5,000, gharama inabaki sifuri. Gharama ndogo kabisa ipo na inajulikana, ila wanaoifikia ni wengi wasio na idadi, mstari mzima usio na mwisho. Kompyuta imekupa mmoja tu kati yao. Kwa hiyo hapa Binti aongeze kitu kwenye daftari lake: jibu kuwa na kikomo hakumaanishi kwamba nukta zinazolitoa nazo zina kikomo.

Na kuhusu kuku wako, una haki ya kulalamika. Kilo 160 za pumba zina protini kilo 16, sawa, lakini kuku hali kilo za protini, anakula mpaka anashiba. Kwenye rundo lile protini ni asilimia 10 tu. Ile (80, 20) ni kilo 100 zenye protini 16, ndiyo asilimia 16. Masharti ya swali yanasema "isipungue" kwa jumla, hayajasema lolote kuhusu uwiano. Kwa hiyo swali la Binti lilitoa jibu zuri kwa sababu bei zilisukuma kwenye kona nzuri. Bei zako zimesukuma kwenye kona ambayo kuku hawaikubali.

Kijana wa Takwimu

Mwalimu, bado nasimama na hoja yangu. Hata kwa Mama Kuku gharama haikwenda chini ya sifuri. Uliahidi mfano wa kupunguza kusio na jibu.

Mwalimu Mstaafu Mikindani

Huu hapa. Tuseme mwenye mashine anataka uwanja wake usafishwe, anamlipa Mama Sh 100 kwa kila kilo ya pumba anayoondoa. Bei ya pumba sasa ni −100. Masharti ni yaleyale, x na y bado si hasi, na bado tunapunguza. Fuata mwale wa (1, 0): kila kilo inashusha gharama kwa 100. Kilo elfu moja, unashuka laki moja. Hakuna chini. Kona bado zipo tatu, ukizipima unapata −16,000, 16,000 na 120,000, ukaandika −16,000 ukadhani umemaliza. Hapo ndipo mtu anapoumizwa na kupima kona peke yake.

Sasa tumsikilize Mama. Tuongeze sharti la uwiano: pumba zisizidi mara sita ya mashudu, x <= 6y. Je, eneo limefungwa?

Binti Chikongola

Ngoja nichore.

Halijafungwa. Bado linapanda juu. Ila upande wa kulia limekatwa na mstari wa x = 6y unaopanda taratibu. Kona ya (160, 0) imetoka. Mpya ni pale x = 6y inapokutana na x + 4y = 160, yaani 10y = 160, (96, 16). Jumla kilo 112, kwa hiyo sharti la uzito linatimia. Kona sasa ni (96, 16), (80, 20), (0, 100).

Miale: nikiweka sifuri kulia, sharti la uwiano linabaki x <= 6y lilivyo. (1, 0) haipiti tena kwa sababu 1 si ndogo kuliko sifuri. (0, 1) inapita. Na ule wa ukingoni ni (6, 1)?

Mwalimu Mstaafu Mikindani

Sawa kabisa. Pima sasa kwa bei ya −100 na 1,200.

Binti Chikongola

(6, 1): −600 + 1,200 = 600. Inapandisha!
(0, 1): 1,200. Inapandisha.
Kona: (96, 16) ni −9,600 + 19,200 = 9,600. (80, 20) ni 16,000. (0, 100) ni 120,000.
Jibu 9,600.

Kwa hiyo bei moja ni hasi, eneo halijafungwa, na bado jibu lipo. Kisa ni kwamba kila kilo sita za pumba sasa zinamlazimu Mama anunue kilo moja ya mashudu, na mashudu yanakula faida yote ya pumba.

Nimejaribu na vizidishi vyako mwalimu. Sharti la uwiano nimeliandika −x + 6y >= 0. Nataka a − b = −100 na 4a + 6b = 1200. Imetoka a = 60, b = 160. 60 mara 160 ni 9,600, na b imezidishwa na sifuri. Imelingana!

Kijana wa Takwimu

Sawa mwalimu, mfano wa −100 bila uwiano umenifunga mdomo. Basi turekebishe: jibu lipo kama bei zote si hasi, au kama eneo limefungwa?

Mwalimu Mstaafu Mikindani

Hizo mbili zinatosha, lakini hazilazimiki. Binti ametoka kuonyesha hali ambayo hakuna hata moja iliyotimia na jibu limepatikana. Usiangalie bei moja moja, angalia bei ikiwa juu ya mwale. Malipo yangekuwa 200 kwa kilo, mwale wa (6, 1) ungegharimu −1,200 + 1,200, sifuri. Kona ya (96, 16) nayo ingekuwa sifuri, na mwale wote unaoanzia pale ungekuwa majibu. Yakifika 250, mwale unashusha 300 kila hatua na jibu linatoweka. Mstari wa kugawa ni 200, na ukitazama kona tu hutauona.

Fundi Lindi Mjini

Nimeweka kwenye Python anayetaka ajaribu. scipy inataka masharti yote yawe "yasizidi", ndiyo maana alama zimegeuzwa. x na y kutokuwa hasi huhitaji kuandika, ndivyo inavyoanza nayo.

```python
from scipy.optimize import linprog
A = [[-1, -4], [-1, -1], [1, -6]]
b = [-160, -100, 0]
for bei in (600, -100, -200, -250):
    r = linprog([bei, 1200], A_ub=A, b_ub=b)
    print(bei, r.status, r.x, r.fun)
```

status 0 maana yake jibu limepatikana, 2 masharti yanapingana, 3 gharama inashuka bila mwisho. Tatu za kwanza ni 0. Hiyo ya −250 haitoi 0. Kwenye −200 usishangae ukipata x na y tofauti na za mwenzako, r.fun ndiyo lazima ilingane, sifuri.

Kwenye Excel, Solver ikikuta hali ya −250 huandika `The Objective Cell values do not converge`. Watu wengi wakiona hivyo wanadhani kompyuta imeharibika au hesabu ni nzito, wanabonyeza tena na tena.

Ufuta Nachingwea

Mimi nauliza kama muuzaji sasa, maana nimeanza kuelewa. Mashudu yakiwa yangu na pumba zangu, ninauza mchanganyiko, nataka pesa nyingi kadiri inavyowezekana. Grafu hiyohiyo itanipa nini?

Kijana wa Takwimu

Hapo kaka hupati kitu. Miale yote inakuongezea. Grafu itakwambia uza bila mwisho. Unakosa sharti la ghala lako lina kilo ngapi.

Mwalimu Mstaafu Mikindani

Hapo kijana yuko sahihi kabisa.

Binti Chikongola

Mwalimu, swali moja linanisumbua usiku huu. Inawezekana gharama ikawa inashuka, inashuka, inakaribia namba fulani lakini haifiki? Kwamba kuna sakafu lakini hakuna nukta inayoikanyaga? Eneo likiwa halina mwisho naona kama inaweza kutokea.

Mwalimu Mstaafu Mikindani

Kwenye gharama zisizo za mstari inatokea. Chukua 1/x, x ikianzia 1 kwenda mbele. Inashuka daima, haivuki sifuri, na haiifikii. Hakuna x ya jibu.

Kwenye hesabu zetu haiwezekani, na sababu umeshaiona. Ukitembea juu ya mwale, gharama inabadilika kwa kiasi kilekile kila hatua. Haina namna ya kushuka kwa kupunguza kasi. Ama inashuka 300, 300, 300 mpaka kusikojulikana, ama haishuki kabisa. Ikiwa miale yote haishushi, unaweza kuitupa safari yote ya mwale kutoka kwenye nukta yoyote bila kupoteza chochote, ukabaki na wastani wa kona, na kona ndogo kuliko zote unaikanyaga kwa miguu. Ndiyo maana kwenye programu mstari sakafu ikiwepo, kuna anayeikanyaga.

Sharti moja la pembeni: njia hii ya kona inataka eneo liwe na kona angalau moja. Masharti ya x na y kutokuwa hasi yanahakikisha hilo, mradi masharti yenyewe hayapingani, kwa hiyo kwenye maswali ya manunuzi huna wasiwasi.

Fundi Lindi Mjini

Mimi kazini huwa nafunga kila eneo kwa nguvu. Naongeza sharti kwamba jumla isizidi kiasi kikubwa, tuseme kilo 700, basi miale inakufa na programu haigomi kamwe. Sioni kwa nini watu wahangaike na miale.

Mwalimu Mstaafu Mikindani

Ndugu yangu, hapo sikubaliani nawe. Chukua malipo ya 250 na uweke dari lako la kilo 700. Programu itakupa pumba 600, mashudu 100, gharama −150,000 + 120,000 = −30,000, na itasema status 0, safi kabisa. Sasa pandisha dari liwe 1,400. Itakupa 1,200 na 200, gharama −60,000. Jibu linafuata dari. Hiyo −30,000 haikutoka kwa pumba wala kwa kuku, imetoka kwa ile 700 uliyoitunga. Bila dari programu ingekupigia kelele, na kelele zile zingekufanya ujiulize kama kweli kuna mtu wa kukulipa 250 kwa kila kilo bila kuchoka.

Fundi Lindi Mjini

Mwalimu, kwa heshima, hakuna mfugaji mwenye kuku wasio na idadi. Dari lipo kwenye maisha. Kuku wa Mama wanakula kiasi fulani kwa wiki. Kuliandika si kuficha, ni kusema kweli.

Mwalimu Mstaafu Mikindani

Dari linalotoka kwa kuku nalikubali, nikijua linatoka kwao. Ninalolipinga ni namba kubwa ya kubuni inayowekwa ili programu inyamaze. Na hata lile la kweli, nakushauri uendeshe mara moja bila dari kwanza.

Fundi Lindi Mjini

Tutabaki hapo. Mimi nitaendelea kuweka, ila nitaangalia kama jibu limegandia kwenye dari.

Mama Kuku Masasi

Mimi nimechukua ile ya uwiano. Pumba zangu ni bure, si za kulipwa. Nikiweka sifuri na sharti la mara sita nimepata (96, 16), mashudu Sh 19,200. Kijana wangu anasema protini hapo ni kilo 16 kwenye kilo 112, ni kama asilimia 14. Bado ni ndogo kuliko niliyozoea kuwapa. Nikitaka 16 kamili nifanyeje?

Binti Chikongola

Mama, asilimia 16 ya mchanganyiko wote ni 0.1x + 0.4y >= 0.16(x + y). Nikipanga inakuwa 0.24y >= 0.06x, yaani x <= 4y. Badilisha mara sita iwe mara nne. Kona mbili zinaungana, inabaki (80, 20) na (0, 100), na miale ni (4, 1) na (0, 1). Kwa pumba za bure, (80, 20) ni Sh 24,000. Na mwale wa (4, 1) ni 1,200, unapandisha, kwa hiyo hakuna cha chini zaidi huko mbele.

Mwalimu Mstaafu Mikindani

Umeona sharti la asilimia halina namba upande wa kulia? Likiwa na sifuri kulia linaingia kwenye miale lilivyo, bila kupoteza kitu. Masharti ya uwiano ndiyo yanayogeuza miale. Masharti ya "isipungue kilo kadhaa" yanasogeza kona tu.

Kijana wa Takwimu

Na vikiwa vitu vitatu? Wengi huku pwani wanatia dagaa. Grafu haichoreki tena.

Mwalimu Mstaafu Mikindani

Njia ni ileile, picha tu ndiyo hatuna. Ita dagaa z, tuseme Sh 3,000 kwa kilo, na uwiano uwe x <= 6(y + z). Weka sifuri kulia kwenye mengine. Miale ya ukingoni ni minne: (0, 1, 0), (0, 0, 1), (6, 1, 0) na (6, 0, 1). Kwa malipo ya 250 kwa kilo ya pumba, inagharimu 1,200, 3,000, −300 na 1,500. Mitatu inapandisha, mmoja unashusha, na huo mmoja umetosha kuondoa jibu. Vitu vikiwa ishirini miale inaweza kuwa mingi mno kuiorodhesha kwa mkono, na hapo ndipo njia ya simpleksi inaposaidia, maana yenyewe haiorodheshi. Inatembea kutoka kona hadi kona, na ikifika kwenye kona ambayo kuna ukingo unaoshusha gharama na hakuna sharti linalouzuia, inasimama na kukuonyesha ukingo huo. Huo ndio mwale mbaya.

Binti Chikongola

Kwa hiyo programu ikigoma, naweza kuiomba initajie ni mwale upi?

Fundi Lindi Mjini

Baadhi ya programu zinautoa, linprog haikupi moja kwa moja. Ila unaweza kuutafuta mwenyewe kwa linprog hiyohiyo: weka sifuri kulia kwenye masharti yote, ongeza x + y + z = 1, halafu punguza gharama. Ikitoka hasi, x, y na z zilizotoka ndizo mwelekeo wa kushuka. Kwa mfano wa mwalimu itakupa pumba 6/7 na mashudu 1/7, dagaa sifuri.

Binti Chikongola

Nimeijaribu sasa hivi. Imetoka 0.857 na 0.143, gharama −42.86, ambayo ni −300 gawa kwa 7.

Mama Kuku Masasi

Dagaa 3,000 kwa bei gani hiyo, ya Mikindani au ya huku? Huku Masasi siyapati kwa hiyo.